Pau Tatu za Chini: Kulijibu Swali la Piramidi ya Watu

Chukua karatasi za zamani za Jiografia, za Kenya au za Tanzania, uzipange kwa miaka. Swali la piramidi ya watu utalikuta halibadiliki sana. Mchoro ni uleule: wanaume kushoto, wanawake kulia, umri umepangwa katikati kwa makundi ya miaka mitano mitano. Sehemu ya kwanza inakutaka uelezee umbo. Ya pili inataka sababu, na ya tatu matokeo. Wanafunzi wangu wengi hulipenda kwa sababu mchoro wanao mbele yao, na alama chache za mwanzo huzipata bila jasho. Zinazopotea ni za sehemu ya pili na ya tatu, kwa sababu wakishamaliza kuelezea umbo huacha kuutazama mchoro. Wanaanza kuandika walichokariri: ndoa za mapema, ukosefu wa elimu, mila na desturi, dini. Orodha hiyo huipachika kwenye piramidi yoyote, hata ile ambayo kitako chake kimeanza kuingia ndani.

Hapo ndipo nataka tukae. Nitatumia piramidi moja tu, ya sensa ya Kenya iliyofanyika usiku wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti 2019, kwa sababu inamnasa vizuri sana mtu wa kukariri. Vitabu vingi vya shule bado vinaichora Kenya kama mfano wa nchi yenye kitako kipana kuliko pau zote zilizo juu yake, mteremko laini mpaka kileleni. Picha ya 2019 haiko hivyo. Watoto wa miaka 0 hadi 4 walihesabiwa karibu milioni 6.0. Wa miaka 5 hadi 9 walikuwa milioni 6.2. Wa miaka 10 hadi 14 walikuwa milioni 6.3. Kwa maneno mengine, pau ndefu kuliko zote ni ya tatu kutoka chini, na mbili zilizo chini yake zinafupika kidogo kidogo. Kuanzia miaka 15 kwenda juu, pau zinapungua kwa kasi mpaka kwenye ncha nyembamba ya wazee.

Sasa elezea umbo. Kazi yako hapa ni ya macho, na hujaulizwa bado kwa nini. Anza chini, panda, malizia kileleni, kisha linganisha kushoto na kulia. Jibu zuri husomeka hivi: "Kitako ni kipana lakini kimeanza kubonyea, kundi la miaka 10 hadi 14 ndilo kubwa kuliko yote, likifuatwa na la 5 hadi 9, kisha la 0 hadi 4. Kutoka miaka 15 piramidi inapungua upana haraka, na kilele ni chembamba sana. Pande mbili zinakaribiana, ila katika umri mkubwa wanawake wamewazidi wanaume." Basi. Ukianza kutaja uzazi wa mpango katika sehemu hii hutapata alama, na utakuwa umetumia sentensi ambayo sehemu ya pili inaihitaji.

Tarakimu mbili tatu zisomwe kutoka kwenye mhimili wa chini na kuandikwa. Mtahiniwa anayesema tu "watoto ni wengi" na anayesema "kila kundi la umri chini ya miaka 15 lina takriban watu milioni 6" hawalingani, hata kama wameona kitu kimoja.

Na kabla ya kusoma hizo tarakimu, angalia mhimili umepimwa kwa kipimo gani, idadi au asilimia. Hili wanafunzi hulidharau, na lina mtego wa kweli. Weka piramidi ya 2009 kando ya hii ya 2019, zote mbili zikiwa kwa asilimia. Kundi la 0 hadi 4 limeshuka kutoka asilimia 15.4 ya watu wote hadi asilimia 12.6. Msichana mmoja wa Kidato cha Nne aliniambia, "Mwalimu, kumbe watoto wamepungua." Nikamwambia asiandike bado, atafute idadi zenyewe. Mwaka 2009 walikuwa milioni 5.94 na mwaka 2019 walikuwa milioni 5.99. Hawakupungua. Wamebaki palepale ilhali watu wote kwa jumla wameongezeka kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6, kwa hiyo fungu lao ndilo limekuwa dogo. Swali likikupa piramidi mbili za asilimia na ukaandika kwamba idadi ya watoto imepungua, umesema jambo ambalo mchoro haukukuambia.

Tuingie kwenye sababu. Pau ya piramidi inaweza kurefuka au kufupika kwa njia tatu tu: watu kuzaliwa, watu kufa, watu kuhama. Sababu nyingine yoyote utakayoitaja, iwe elimu ya wasichana, malaria au mishahara ya mjini, lazima ipitie katika mojawapo ya hizo tatu. Ukishindwa kusema inapitia ipi, iache. Jambo la pili ni kwamba kila pau ni rika lenye miaka yake ya kuzaliwa. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 hadi 14 usiku wa sensa ya 2019 alizaliwa kati ya Agosti 2004 na Agosti 2009. Wa 5 hadi 9 alizaliwa kati ya 2009 na 2014, na wa 0 hadi 4 kati ya 2014 na 2019. Hesabu hii ndogo, ya kutoa umri kutoka mwaka wa sensa, inageuza swali. Huulizwi tena kwa nini Wakenya wanazaa sana, jambo ambalo unaweza kulijibu kwa karatasi nzima bila kufika popote. Unaulizwa nini kilitokea kati ya 2004 na 2009 ambacho hakikuendelea vilevile baadaye.

Kilichotokea kinajulikana vizuri. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa na wastani wa watoto 8.1 katika maisha yake. Wastani huo ulishuka haraka hadi 4.7 mwaka 1998, halafu ukakwama: utafiti wa 2003 ulikuta 4.9, na ule wa 2008–09 ukakuta 4.6. Wataalamu wengi huhusisha kukwama huko na huduma za uzazi wa mpango zilizolegea wakati fedha na nguvu nyingi zilipoelekezwa kwenye UKIMWI. Kwa hiyo rika la 2004 hadi 2009 lilizaliwa wakati ambapo wastani ulikuwa umesimama, na akina mama wenyewe walikuwa wengi, kwani ni mabinti wa zile familia kubwa za miaka ya 1970 na 1980. Hilo la akina mama wengi husahaulika karibu kila mara. Hata kila mwanamke akizaa watoto wachache kuliko mama yake, wanawake wakiwa wengi, watoto wanaozaliwa kwa mwaka hawapungui.

Njia ya pili ni vifo, nayo ilifanya kazi wakati huohuo. Mwaka 2003 kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 115 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika utafiti wa 2008–09 walikuwa 74, na mwaka 2014 walikuwa 52. Vyandarua vyenye dawa viligawiwa kwa wingi mwaka 2006, dawa za kuzuia mama kumwambukiza mtoto virusi vya UKIMWI zikasambaa, na chanjo ya nimonia ikaanza kutolewa mwaka 2011. Rika hilo basi lilizaliwa likiwa kubwa na likapoteza watoto wachache kuliko marika yaliyolitangulia. Pau yake ni ndefu kwa sababu mbili zilizokutana, na jibu linalotaja moja tu ni nusu ya jibu.

Kisha kukwama kukaisha. Kufikia 2014 wastani ulikuwa 3.9, na kufikia 2022 ulikuwa 3.4. Matumizi ya njia za kisasa za uzazi wa mpango kwa wanawake walioolewa yalipanda kutoka asilimia 39 katika utafiti wa 2008–09 hadi asilimia 53 mwaka 2014, hasa kwa sindano na vipandikizi vya mkononi. Hapo unazieleza zile pau mbili za chini. Uone sasa mwanafunzi aliyeandika "ndoa za mapema na kutotumia uzazi wa mpango" amejikwaa wapi: ametaja sababu za kitako kupanuka chini ya mchoro ambao kitako chake kinabonyea. Mtahini hana haja hata ya kujua habari za Kenya ili kumkata alama. Mchoro wenyewe unamkanusha.

Nina neno kidogo la pembeni, ambalo katika mtihani wa kidato hutadaiwa, ila ukilifahamu utaziangalia pau hizi kwa jicho jingine. Rika likishazaliwa haliwezi kukua. Linaweza tu kupungua kwa vifo, au kubadilika kwa watu kuingia na kutoka nchini. Wale waliohesabiwa wakiwa na miaka 0 hadi 4 mwaka 2009 walikuwa milioni 5.94. Miaka kumi baadaye ndio haohao wa miaka 10 hadi 14, nao wamehesabiwa milioni 6.3. Karibu watoto laki nne wametoka wapi? Hawakuzaliwa upya, na hakuna anayedai kwamba waliingia kutoka nje kwa wingi huo. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba mwaka 2009 watoto wachanga wengi hawakuhesabiwa, au waliandikwa umri usio wao. Hii ni tabia inayojulikana ya sensa katika nchi nyingi. Karani anafika, anauliza waliolala humo usiku ule, na aliyepo nyumbani anataja wakubwa, anataja wanaosoma, kisha yule wa miezi minne anasahaulika kwa kuwa hajaanza kuonekana kama mtu wa kuhesabiwa. Au wa miaka minne na nusu anatajwa kuwa wa mitano, anahamia pau ya pili.

Maana yake kwa piramidi yetu ni kwamba ufupi wa pau ya chini kabisa mwaka 2019 huenda sehemu yake ni ya makarani na sehemu yake ni ya uzazi kushuka kweli. Kwamba uzazi umeshuka tunajua, kwa sababu tafiti za kaya, ambazo huwauliza wanawake historia yao ya kuzaa mmoja mmoja, zinasema hivyo kwa njia tofauti kabisa. Ila umeshuka kiasi gani, usiusome kwa rula kwenye pau hiyo. Ikija sensa nyingine, watazame haohao watakapokuwa na miaka 10 hadi 14.

Matokeo sasa. Kanuni ninayowapa wanafunzi ni kwamba pau uliyoeleza sababu yake ndiyo uieleze matokeo yake. Ukieleza sababu za pau ya miaka 10 hadi 14 kisha matokeo yako yakawa "uharibifu wa mazingira, uhalifu na msongamano wa magari", umeruka kutoka mti mmoja hadi mwingine. Watoto wa miaka 10 hadi 14 wako shuleni. Baada ya miaka michache watafanya mtihani wa Kidato cha Nne, kisha watatafuta kazi, watapanga vyumba, wataoa na kuolewa. Matokeo yanapanda pamoja nao, na tarehe zake unaweza kuzikadiria.

Waliozaliwa kati ya 2004 na 2009 ndio waliojaa kwenye vyumba vya KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne wa Kenya, miaka hii. Mwaka 2013 watahiniwa walikuwa karibu 447,000. Mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 960,000. Mwanafunzi anaona namba hizo na kuandika mara moja kwamba ni ongezeko la watu. Subiri. Kundi la miaka 10 hadi 14 lilikuwa milioni 5.03 katika sensa ya 2009, na milioni 6.3 katika ile ya 2019. Limeongezeka kwa takriban robo. Watahiniwa wameongezeka zaidi ya mara mbili. Kama watu peke yao ndio wangekuwa sababu, wale 447,000 wangefika kama 560,000, si zaidi. Kilichobaki ni sera na wazazi: watoto walioingia darasa la kwanza baada ya ada za shule za msingi kufutwa mwaka 2003, na agizo la kuanzia 2018 kwamba kila anayemaliza darasa la nane aingie sekondari. Jibu lililo sahihi, basi, ni kwamba rika kubwa limeongeza shinikizo kwenye shule, madawati na walimu, na sera ya kuwapokea wote ikalizidisha. Anayeandika hivyo ameonyesha kwamba anajua piramidi inaeleza kiasi gani na wapi inaishia.

Pau zile mbili fupi nazo zina matokeo yake, nayo hayaandikwi karibu kabisa. Shule ya msingi iliyozoea kila mwaka darasa la kwanza kuwa kubwa kuliko la mwaka uliopita itaacha kuona hivyo. Fedha za kujenga madarasa mapya ya watoto wadogo zinaweza kuelekezwa kwenye vyuo na karakana, ambako lile rika kubwa linaelekea. Wizara isiyoiangalia piramidi itajenga darasa ambalo wanafunzi wake wameshalipita.

Halafu kuna uwiano wa utegemezi, unaopendwa na watunga mitihani kwa sababu una hesabu ndani yake. Jumlisha watoto chini ya miaka 15 na wazee wa miaka 65 na zaidi, gawanya kwa walio kati ya miaka 15 na 64, zidisha kwa 100. Mwaka 2019 watoto walikuwa milioni 18.5 na wazee milioni 1.9, jumla milioni 20.4. Walio katikati walikuwa karibu milioni 27.2. Unapata 75: kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi wana 75 wa kuwategemea. Mwaka 2009 uwiano ulikuwa 87. Umeshuka, na umeshuka kwa upande wa watoto, kwani fungu la wazee limeongezeka kidogo. Ukikokotoa na kuishia kwenye jibu la 75, umepata alama za hesabu tu. Maana yake ndiyo inayoulizwa: kaya ina midomo michache kwa kila mfanyakazi, na taifa linaweza kuweka akiba na kuwekeza zaidi kwa kila mtoto, iwapo hao wa katikati wana kazi.

Hilo "iwapo" liandike. Uwiano huu humhesabu kijana wa miaka 17 aliye Kidato cha Tatu, anayelipiwa karo na mjomba wake, kuwa ni mtu anayewalisha wengine. Humhesabu hivyohivyo aliyemaliza chuo akakaa nyumbani miaka mitatu. Na bibi wa miaka 70 anayelima shamba Kilifi na kulea wajukuu watano anawekwa upande wa wanaotegemea. Hesabu ni sahihi, ila imepima umri, haikupima kazi.

Kuhusu kuhama sijasema mengi kwa sababu katika piramidi ya taifa zima la Kenya hakuonekani kwa macho. Vijana wanaokwenda Ghuba ni wengi kwa familia zao, lakini kwenye pau yenye mamilioni wanapotea. Geuza upande wa pili, utazame nchi inayowapokea. Piramidi ya Qatar ina tumbo kubwa upande wa kushoto, kati ya miaka 25 na 44, na wanaume ni kama watatu katika kila wakazi wanne. Kitako ni chembamba na wazee ni kidogo mno. Mwanafunzi wa kukariri ataandika kwamba wanawake wamekufa, au kwamba wazee wanakufa mapema, wakati njia iliyotumika hapo ni moja tu: wafanyakazi wanaingia wakiwa watu wazima, wengi bila familia, na mkataba ukiisha wanarudi kwao. Pau hiyo haipandi juu na rika lake. Inajazwa upya na watu wengine wa umri uleule, na ndiyo sababu huwezi kutabiri kwa kuitazama kwamba baada ya miaka thelathini Qatar itajaa wazee.

Kitu cha namna hiyo, kwa kiasi kidogo, utakiona ukichukua piramidi ya Nairobi peke yake: tumbo kati ya miaka 20 na 34, wengi wao waliozaliwa kaunti nyingine. Ndiyo maana swali likikupa piramidi, soma kichwa chake kabla ya pau, ujue ni ya nchi, ya kaunti au ya mji. Utafiti wa 2022 uliokuta wastani wa watoto 3.4 kwa mwanamke wa Kenya ulikuta 2.5 Nairobi na 7.7 Mandera. Piramidi ya taifa niliyoichambua hapa inazichanganya zote mbili. Ukiletewa ya Mandera kwenye mtihani, ile orodha ya ndoa za mapema na umbali wa huduma za uzazi wa mpango inaweza kuwa jibu lenyewe, mradi uiunganishe na pau unayoiona.